Mwalimu mkuu na ule wastani mnaopigia kelele

Uzi mfupi. Kila matokeo ya KCSE yakitoka, hapa Nyeri hadi Karatina na Othaya utasikia mwanasiasa kwenye harambee au matanga akisema: "Wastani umeshuka, huyo mwalimu mkuu aende!" Watu wanapiga makofi. Mimi nimekaa kwenye bodi ya shule ya kutwa, na hiyo hesabu inanisumbua.

Chukua watahiniwa 60, wastani 4.0. Hiyo ni D+, jumla ya pointi 240. Mwaka unaofuata matokeo ni yale yale, ila shule imewafukuza kimyakimya wanafunzi 10 wa D-, pointi 2 kila mmoja. Zinabaki pointi 220 kwa watu 50. Wastani: 4.4! Mwalimu mkuu anabebwa juu juu, na hakuna mtoto hata mmoja aliyejifunza kitu kipya.

Sasa kazi yenyewe ni ipi? Mwaka 2008 Viviane Robinson wa New Zealand na wenzake walilinganisha tafiti nyingi. Jambo lililoonekana kugusa masomo zaidi ni kiongozi kushiriki mwenyewe katika walimu kujifunza kufundisha. Kutafuta pesa na vifaa kunasaidia, lakini kidogo zaidi.

Kwa vitendo ni hivi. Anaingia darasa la hesabu, anakaa nyuma dakika zote 40. Anaona mwalimu ametumia 25 kuandika ubaoni, na maswali yamejibiwa na wale wale watatu wa mbele. Anaokota madaftari matano ya wale wa nyuma: kosa moja limerudiwa wiki tatu, halijasahihishwa. Jioni anamwambia mwalimu jambo moja tu la kubadilisha. Baada ya wiki mbili anarudi kuangalia hilo hilo. Asiporudi, ilikuwa ziara tu.

Mtasema TPAD ipo tangu 2016, na inadai somo liangaliwe. Kweli, lakini fomu inaweza kujazwa bila mtu kuingia darasani, tena yote siku moja mwisho wa muhula. Ukiona walimu wote wamepewa alama zinazofanana, jua ilijazwa ofisini.

Na tusiwaonee. Pesa za serikali zikichelewa, mwalimu mkuu anashinda akibembeleza muuza mahindi na kuni. Hapo kuangalia masomo lazima agawane na naibu na wakuu wa idara, la sivyo hakutafanyika. Ukimhamisha kila baada ya mwaka mmoja pia, hatakaa aone darasa aliloanza nalo likifika Kidato cha Nne.

Kwa hivyo mkutano wa wazazi ukifika, kabla ya kuuliza wastani, uliza: walioingia Kidato cha Kwanza walikuwa wangapi, na waliofanya mtihani ni wangapi? Halafu nyumbani fungua daftari la mtoto, utafute kosa la mwezi jana.