Ile Hela Tuma kwenye Namba Hii

"Ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja la shemeji yako. Ile laini yangu nyingine ina deni."

Karibu kila mwenye simu Tanzania amewahi kuupata ujumbe huu kwa maneno haya au yanayofanana nayo. Namba iliyoutuma haijulikani, na mara nyingi si hiyo inayotakiwa kupokea pesa. Wengi huufuta na kuendelea na shughuli zao. Tapeli hana shida na hao. Anamsubiri yule mmoja ambaye siku hiyo alikuwa na hela ya kumtumia mtu.

Ukiusoma taratibu utaona kwamba hautaji deni, hautaji kiasi na hautaji jina la aliyeuandika. Mapengo hayo yameachwa makusudi. Tapeli hamjui anayemwandikia. Ananunua kifurushi cha meseji na kuituma ileile kwa namba nyingi zinazofuatana, kwa gharama ndogo mno. Kati ya wote watakaoipokea, kuna anayedaiwa kodi ya nyumba, kuna aliyeahidi kutuma ada ya mtoto, kuna mfanyabiashara aliyeagiza mzigo na anangoja namba ya kulipia. Mtu wa namna hiyo huyajaza mapengo mwenyewe, bila kujua kwamba anafanya hivyo. Ndiyo maana aliyetapeliwa husema baadaye, kwa mshangao wa kweli, "Lakini alijua kwamba nadaiwa!" Hakujua.

Sehemu yenye ujanja zaidi ni ile ya jina. Anayetuma pesa kwa simu huingiza namba ya mpokeaji na kiasi, kisha kabla ya kuweka namba ya siri huonyeshwa jina lililosajiliwa kwenye laini ile. Hicho ndicho kituo cha mwisho cha ukaguzi. Jina likiwa geni, mtu husita, naye akisita utapeli umekufa. Tapeli analijua hilo, kwa hiyo analitangaza jina mapema: litakuja la shemeji, la mke wangu, la kijana wangu wa dukani. Jina geni linapotokea kwenye skrini, badala ya kumshtua mtumaji linamtuliza, kwa sababu aliambiwa litatokea. Kinga imegeuzwa kuwa uthibitisho wa uongo.

Kisingizio cha deni nacho kimechaguliwa vizuri. Watu wengi hukopa kwenye mitandao ya simu, na pesa inayoingia kwenye laini yenye mkopo hukatwa kwanza. Mtu kuomba atumiwe kwenye laini nyingine ni jambo la kila siku.

Chukulia mpangaji wa Mbagala anayelipa shilingi 100,000 kwa mwezi, na kodi yake ya miezi mitatu inaisha Ijumaa. Jumatano mwenye nyumba amempigia kumkumbusha. Alhamisi asubuhi, yuko ndani ya daladala amesimama, meseji inaingia: ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja la mke wangu. Anabonyeza *150*00#, anachagua kutuma pesa, anaingiza namba na 300,000. Jina la mwanamke linatokea. Anaweka namba ya siri. Jioni mwenye nyumba anapiga kuuliza kodi yake.

Mpangaji huyo angeokolewa na kitu kimoja tu: kumpigia mwenye nyumba kwa namba aliyoihifadhi siku zote, kabla ya kutuma. Si kuipigia namba iliyoleta meseji. Huko angepokelewa na sauti ya haraka, yenye kelele za barabarani nyuma yake, ikimwambia "ndiyo ni mimi, tuma upesi", na katika kelele hizo sauti yoyote ya mwanamume wa makamo hufanana na ya mwenye nyumba. Kama namba ya kawaida haipatikani, hela ingoje. Mwenye nyumba anayesubiri mpaka jioni ni usumbufu mdogo.

Kumjibu tapeli hakuna faida, hata kwa matusi. Jibu lolote linamwonyesha kwamba namba ile iko hewani na mwenyewe husoma meseji zake. Kinachofaa ni kuuripoti ujumbe kabla ya kuufuta. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, imeweka namba 15040 kwa kazi hiyo: ujumbe wa kitapeli unatumwa huko kama ulivyo, kisha linakuja jibu linaloomba namba iliyoutuma, nayo inatumwa. Namba muhimu kuliko zote, hata hivyo, ni ile iliyoandikwa ndani ya ujumbe, maana ndiko pesa inakokwenda, kwa hiyo isifutwe wala kufupishwa wakati wa kuripoti.

Pesa ikishatumwa, kinachoamua ni dakika. Mtoa huduma anaweza kuizuia na kuirudisha ikiwa bado imo kwenye akaunti ya mpokeaji. Ikishatolewa kwa wakala, au ikishahamishiwa laini nyingine, hakuna cha kurudisha, na matapeli hutoa haraka kwa sababu hiyo. Anayegundua amekosea apige 100 papo hapo, akiwa na ujumbe wa muamala wenye namba ya kumbukumbu, muda na kiasi. Asimpigie tapeli kumbembeleza wala kumtisha. Kufanya hivyo ni kumwambia awahi kwa wakala. Baada ya hapo ni kituo cha polisi kufungua taarifa na kupewa namba ya RB, na ujumbe wote, wa tapeli na wa muamala, ubaki kwenye simu kama ushahidi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu mwaka 2015, lakini kesi isiyo na ushahidi haifiki mbali.

Aliyekwisha kuibiwa ana hatari ya pili. Huweza kupigiwa na mtu anayejiita wa huduma kwa wateja, anayedai kusaidia kurudisha pesa ile na kuomba namba ya siri. Mitandao huwapigia wateja wake kwa namba 100, na hata anayepiga kwa namba hiyo hana haja ya kujua namba ya siri ya mteja.

Linabaki swali ambalo watu huuliza kwa hasira: laini zote zimesajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA na alama za vidole, inakuwaje tapeli hakamatwi kwa jina lake? Jibu ni kwamba jina lile mara nyingi si lake. Msajili asiye mwaminifu humwambia mteja kidole hakijasoma, aweke tena, na tena. Mteja anaondoka na laini moja huku nyingine ikibaki imesajiliwa kwa jina lake bila yeye kujua, kisha inauzwa. Siku polisi wakiifuatilia, watafika kwa mama wa watu asiyejua lolote.

Kujua kama jina lako limetumiwa hivyo ni kazi ya dakika moja. Bonyeza *106#, fuata maelekezo, na utaonyeshwa namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika, si kwa msajili wa mwavuli barabarani, uombe iondolewe kwenye jina lako.