Figo na Saa 13 za Mfungo

Ramadhani inapoangukia Februari, Waislamu wa Kericho na Bomet hufunga kuanzia mnamo saa 11 na nusu alfajiri hadi karibu saa 1 jioni, zaidi ya saa 13 bila tone la maji. Huo ni wakati wa kiangazi, na mchuma chai hushinda juani. Figo nzima hukabiliana na hali hiyo kwa kubana maji, ndiyo maana mkojo hupungua na kukolea rangi.

Kwa mwenye mawe ya figo, mkojo uliokolea ndio unaokuza mawe. Hata hivyo, ambaye figo zake zinafanya kazi vizuri na hasumbuliwi na jiwe kwa sasa mara nyingi anaweza kufunga, akinywa lita 2 na nusu hadi 3 za maji kidogo kidogo kati ya futari na daku. Chai, hata katika nchi ya chai, isichukue nafasi ya maji hayo. Akipata maumivu makali ubavuni, homa au damu kwenye mkojo, afungue na aende hospitali.

Ugonjwa sugu wa figo ni jambo jingine. Figo iliyochoka haiwezi kubana maji, hivyo mgonjwa huendelea kukojoa mkojo mweupe huku mwili unakauka. Rangi ya mkojo humdanganya. Dalili za kuangalia ni kizunguzungu anaposimama na uzito kushuka ghafla. Ambaye ugonjwa umefika hatua ya 4 au 5, au anayesafishwa damu, kwa kawaida hushauriwa asifunge. Wa hatua ya 3 akiruhusiwa na daktari, hupimwa kreatinini kabla ya mwezi na tena katika wiki ya kwanza. Ikipanda kwa asilimia 30, mfungo husimama.

Aliyepandikizwa figo anabanwa na saa. Chukua mfano wa mgonjwa anayemeza takrolimasi saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Akifunga, atameza kwenye daku, saa 11 alfajiri, kisha asubiri futari: karibu saa 14 mchana, na saa 10 tu usiku. Dawa ikipungua mno mwilini, kinga huishambulia figo hiyo, mara nyingi bila maumivu yoyote. Ikizidi, dawa yenyewe huiumiza. Kosa baya zaidi ni kuruka dozi au kumeza mbili pamoja usiku. Ipo aina ya kumeza mara moja kwa siku, lakini ni daktari anayebadilisha, wiki kadhaa kabla ya Ramadhani, na kiwango chake hupimwa upya katika damu. Katika mwaka wa kwanza baada ya upandikizaji, asifunge.

Uislamu umemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku hizo baadaye. Asiyetarajia kupona hutoa fidya, kwa kumlisha maskini mmoja kwa kila siku. Kwa hiyo swali la kwenda nalo kliniki ya figo, pamoja na dawa zote anazomeza, ni kama ugonjwa wake ni wa kulipa au wa fidya.