Ankara Zinapogoma Kutoka Nje ya Kampuni

Mfumo wa ankara humfikishia mhasibu wa ndani nakala yake bila shida, lakini ya mteja hukataliwa kwa ujumbe `550 5.7.64 TenantAttribution; Relay Access Denied`. Maana yake Microsoft 365 haijaitambua mashine hiyo kuwa ya kampuni, hivyo haiipelekei barua nje.

Dawa ni kiunganishi. Ndani ya Exchange admin center, fungua Mail flow, kisha Connectors, uongeze kimoja cha kutoka seva ya kampuni kwenda Office 365, kinachotambua mtumaji kwa anwani ya IP. Hapa ndipo wengi hukosea: huandika 192.168.1.20, anwani ya ndani ya ofisi, ilhali Microsoft huiona ile ya umma, mfano 203.0.113.25. Iwe ya kudumu, tena yenu peke yenu. Mkiichangia na wapangaji wengine wa jengo, nao wataweza kutuma kwa jina lenu.

Mfumo sasa uelekezwe kwenye anwani ya MX ya kikoa chenu, inayoishia `mail.protection.outlook.com`, mlango wa 25, bila nywila. Ongeza `ip4:203.0.113.25` kwenye rekodi ya SPF, la sivyo ankara huenda zikaishia kwenye barua taka. Muunganisho usipofika kabisa, muulize mtoa huduma wa intaneti. Baadhi yao huufunga mlango huo.