Ada Ndogo Inayomeza Faida

Masoko mengi ya sarafu za kidijitali hutoza ada za aina mbili. Anayeweka oda ikasubiri sokoni hulipa kidogo. Anayeichukua oda iliyopo papo hapo hulipa zaidi. Viwango hushuka kadiri thamani ya miamala ya siku 30 inavyopanda.

Tuseme mtu hununua na kuuza kwa dola 1,000, akipata wastani wa dola 1.50 kila mzunguko kabla ya ada. Akichukua kwa asilimia 0.10, hulipa dola 2 na kupata hasara ya senti 50. Akisubiri kwa asilimia 0.04, hulipa senti 80 na kubakiwa na senti 70. Lakini oda inayosubiri huenda isipate mnunuzi, au impate bei ikiwa tayari inamgeuka mwenyewe. Kufukuzia daraja la juu kwa mizunguko ya hasara hula mtaji.