Je, wajua kwa nini zahanati huhitaji karatasi ya tali wakati rejesta ipo?

Siku ya kliniki ya watoto katika zahanati ya kijijini Tanzania, muuguzi huwa na vitu vitatu vya kuandikia mezani: kadi ya kliniki aliyokuja nayo mama, rejesta kubwa ya watoto, na karatasi iliyojaa sifuri ndogondogo. Kadi hurudi nyumbani na mtoto. Rejesta hubaki kabatini kwa miaka. Ile ya sifuri ni karatasi ya tali, nayo ndiyo huzaa takwimu za chanjo katika fomu ya majumuisho ya MTUHA, Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambayo zahanati hutakiwa kuifikisha wilayani kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata.

Rejesta tayari ina kila chanjo na tarehe yake, basi tali ya nini? Jibu limo katika mpangilio wa rejesta yenyewe. Rejesta ya wagonjwa wa nje hufuata siku: wa leo huandikwa chini ya wa jana, na kurasa za Mei zikifungwa unaweza kuzihesabu kutoka juu hadi chini. Rejesta ya watoto humfuata mtoto. Kila mmoja ana mstari wake tangu alipoandikishwa, na tarehe za chanjo hujazwa kuelekea kulia kadiri anavyokua: BCG anapozaliwa, Penta akiwa na wiki 6, 10 na 14, Surua-Rubela akiwa na miezi 9 na 18. Kwa hiyo mtoto aliyepata Penta 3 katikati ya Mei, ikiwa hakuchelewa, yumo katika kurasa za mwanzoni mwa Februari. Aliyechelewa yumo nyuma zaidi, Desemba au Novemba. Wa Surua-Rubela ya pili yumo mbali zaidi. Chanjo za mwezi mmoja zimetawanyika katika kurasa za mwaka mmoja na nusu au zaidi. Anayetaka kuzijumlisha kutoka humo lazima apekue mstari kwa mstari akitafuta tarehe za Mei, tena aanze upya kwa kila aina ya chanjo.

Karatasi ya tali huondoa kazi hiyo kwa kufuata siku badala ya mtoto. Kila aina ya chanjo na kila dozi ina safu yake, na ndani ya safu zimechapwa sifuri kwa makundi ya tano. Mtoto akishachomwa, sifuri moja hukatwa. Pasipo karatasi iliyochapwa, muuguzi huchora vijiti vinne na cha tano akakikatiza juu yake. Safu zimegawanywa pia kwa umri: waliotimiza mwaka mmoja wana mahali pao. Mgawanyo huo una sababu. Wilaya hupima kiwango cha chanjo kwa kugawanya dozi kwa idadi ya watoto wachanga wa eneo, wale wa chini ya mwaka mmoja. Mtoto wa miezi 13 akiingizwa katika safu yao, kiwango kinapanda bila mtoto mchanga yeyote kukingwa.

Muda wa kukata sifuri ndio ufundi wote. Ni baada ya sindano, kabla mtoto anayefuata hajakaa. Muuguzi akikata mapema, wakati mama yuko foleni, mtoto atakayekutwa na homa kali na kurudishwa nyumbani atakuwa amehesabiwa. Akingoja jioni, atakumbuka nusu, kisha atashawishika kuhesabu vichupa vilivyofunguliwa na kuandika dozi 10 kwa kila kichupa, hata zile zilizomwagwa.

Tuchukue zahanati ya mfano, na dozi moja tu, Penta 3 kwa watoto wa chini ya mwaka. Mei ilikuwa na siku nne za kliniki kituoni, na tali zake zilitoa 9, 7, 11 na 8, jumla 35. Kulikuwa pia na siku moja ya huduma za mkoba katika kitongoji cha mbali, watoto 6. Karatasi ya siku hiyo ilisahaulika ndani ya kibebeo cha chanjo, na fomu ya mwezi ikaenda na 35 badala ya 41.

Kosa hili halionekani kwa kulinganisha Penta 3 na chanjo ya nimonia, dozi ya tatu, ambayo hutolewa siku ileile. Zote mbili zimepungua kwa watoto walewale, kwa hiyo zinalingana vizuri. Linaonekana kwenye leja ya chanjo. Kwa Penta 1, 2 na 3 pamoja, tali za kituoni zina dozi 112, huku leja ikionyesha vichupa 14 vya dozi 10 vimetumika, yaani dozi 140. Dozi 28 zimekwenda wapi? Kwa Surua-Rubela pengo kama hilo lisingeshtua, kwa sababu kichupa kilichofunguliwa hutupwa baada ya saa 6 au kliniki ikiisha, lolote litakalotangulia. Penta ni chanjo ya maji, na kichupa chake kikitunzwa inavyotakiwa huruhusiwa kutumika hadi siku 28. Upotevu wa asilimia 20 kwa Penta unadai maelezo. Ukiongeza dozi 18 za mkoba, za Penta zote tatu pamoja, zinabaki 10 tu, na hesabu inatulia.

Uthibitisho kamili hutoka kwenye rejesta, kwa ule upekuzi mrefu ambao tali ilituepusha. Anayehakiki huchagua mwezi mmoja na dozi moja, huhesabu tarehe zake mstari kwa mstari, kisha hugawanya alichopata kwa kilichoripotiwa. Hapa ni 41 kwa 35, asilimia 117: kituo kimejipunja. Chini ya 100 maana yake ripoti ina dozi zisizo na mtoto. Uwiano huu ulikuwa na uzito wa fedha pia. Gavi, iliyoanza mwaka 2000, ilizilipa nchi dola 20 kwa kila mtoto wa ziada aliyepata dozi ya tatu ya chanjo ya donda koo, pepopunda na kifaduro, na nchi ilihitaji uwiano wa angalau asilimia 80 katika ukaguzi ili ilipwe.

Si kila namba ya ajabu ni kosa. Katika zahanati ndogo Penta 3 inaweza kuzidi Penta 1 ndani ya mwezi mmoja, na msimamizi kutoka wilayani akakasirika bure. Waliopata Penta 3 Mei walianza Machi, si Mei. Kama walioanza Machi walikuwa wengi na walioanza Mei wachache, namba zitapishana hivyo kihalali. Ulinganisho huo hufaa kwa mwaka mzima, au kwa wilaya nzima.

Limebaki suala la sifuri isiyokatwa. Mwezi ambao hakuna mtoto aliyepata dozi fulani, muuguzi anatakiwa kuandika 0 kwenye fomu, kwani nafasi tupu inaweza kuwa na maana kwamba chanjo haikutolewa, au kwamba karatasi imepotea. Wilayani fomu huingizwa kwenye DHIS2, na huko hata sifuri iliyoandikwa vizuri inaweza kutoweka. Mfumo huo, usipoelekezwa vingine, hautunzi sifuri. Msimamizi wa mfumo lazima awe amewasha `Store zero data values` kwa takwimu hiyo, la sivyo 0 ya muuguzi na nafasi tupu ya asiyejaza huonekana sawa kwenye ripoti. Ikitokea hivyo, mahali pa kutazama ni nakala ya fomu inayobaki kituoni, na hiyo husaidia tu ikiwa karatasi za tali za mwezi huo, pamoja na za mkoba, zimebanwa nyuma yake.