Barua Pepe kwa Mwenye Malori Asiyekujua

Kampuni ya programu inayotaka kumuuzia msafirishaji wa makontena kutoka Mombasa hadi Kampala isijisifu katika barua pepe ya kwanza. Ianze na jambo linalomuuma meneja: kontena tupu likichelewa kurudishwa, kampuni ya meli hutoza kwa kila siku iliyozidi. Sentensi nne zinatosha, na swali moja mwishoni: “Nani kwenu hufuatilia tarehe za kurudisha makontena?” Hilo atalijibu kwa simu akiwa yadi. Ombi la kikao cha nusu saa ataliacha.

Akinyamaza, subiri siku tatu au nne, umwandikie tena ukiwa na kitu kipya, mathalani jedwali la kukokotoa tozo hizo. “Nakukumbusha tu” ni kero. Ya tatu, wiki moja baadaye, mpelekee mhasibu, maana ankara hupitia kwake. Ya nne iage.

Barua zikigonga mwamba kwa wingi, anwani zimechakaa. Acha kutuma, safisha orodha, la sivyo hata barua za wateja wako wa zamani zitaangukia kwenye taka. Na anayekataa kuandikiwa usimfute tu: mweke kwenye orodha ya wasioandikiwa, asije akaingizwa upya na mwenzako.