Kaka wa Muscat Aingia Pichani

Harusi ilifanyika Tanga. Kaka wa bibi harusi alikuwa Muscat, kazini hakupata ruhusa. Baadaye dada yake alitamani awemo kwenye picha ya familia. Wazazi, maharusi na kaka mwenyewe waliulizwa, wote wakaridhia.

Mpiga picha alianza na vivuli. Harusini jua la jioni lilitoka kushoto, hivyo kaka naye alivaa kanzu, akapigwa picha jioni, jua likiwa kushoto, kamera ikiwa usawa wa kifua. Kisha akawekwa mwisho wa safu, kando ya baba, asimzibe mtu.

Kasoro ikabaki miguuni: hakuwa na kivuli, akaonekana kama anaelea. Kilipoongezwa, akasimama sawasawa na wenzake.

Nyuma ya picha imeandikwa kwa kalamu: “Kaka aliongezwa baadaye, kwa ridhaa ya wote.”